Shilingi 5,000 kwa mwezi na daftari la maombi ya kazi

Aliyeajiriwa hasumbuki kuthibitisha kwamba ameajiriwa. Ana barua ya kazi, ana hati ya mshahara, na makato yake yanaonekana kila mwisho wa mwezi. Asiye na kazi hana karatasi ya namna hiyo. Hakuna ofisi, iwe Kericho mjini au Bomet, inayompigia kijana muhuri na kuandika kwamba huyu amesaka kazi tangu Machi na hajapata. Hata hivyo, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, inapoanza kudai mkopo wake, mzigo wa kueleza kwa nini halipi unamwangukia yeye. Hilo ndilo lililonikera hadi nikaanza kulitazama kwa makini jambo ambalo wahitimu wengi hulipuuza, yaani daftari la maombi ya kazi. Naona kwamba daftari hilo, likitunzwa vizuri, ndilo pekee linaloweza kumtenga asiyeweza kulipa na asiyetaka kulipa, na kwamba bodi ingepaswa kutangaza wazi inataka kuona nini ndani yake.

Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Sheria ya HELB ya mwaka 1995 inampa mkopaji mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kulipa. Mkopo wa shahada ya kwanza unatozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayekawia hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Tuchukue binti mhitimu wa kubuni kutoka Konoin aliyesomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Kabianga na kukopa shilingi 160,000 kwa miaka minne. Riba yake ni shilingi 6,400 kwa mwaka, jambo ambalo mtu anaweza kulistahimili. Faini ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Kwa riba peke yake deni lingechukua miaka 25 kuongezeka maradufu, lakini kwa faini peke yake linafika huko ndani ya miezi 32. Binti huyo akichuma majani chai kwa jirani na kulipwa, tuseme, shilingi 10 kwa kilo, itambidi achume kilo 500 ili alipe faini ya mwezi mmoja, na deni lenyewe bado halijaguswa. Mwaka 2022 Jaji Alfred Mabeya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba HELB haiwezi kuacha riba na faini zipite kiasi kilichokopwa. Uamuzi huo umeweka dari, lakini hata chini ya dari hiyo binti wa Konoin anaweza kujikuta anadaiwa shilingi 320,000. Kwa hiyo anayeomba kuahirishiwa malipo haombi kusamehewa deni. Anaomba faini isiendelee kumrundikia wakati hana mshahara wa kukatwa, na riba anakubali iendelee.

Wengi hukosea tarehe. Mwaka wa neema unahesabiwa tangu kumaliza masomo, si tangu siku ya kuvaa joho. Aliyefanya mtihani wa mwisho Aprili na kufuzu Desemba ameshatumia miezi minane huku akidhani bado hajaanza hata mmoja. Ombi lifike mapema, kabla mwaka huo haujaisha, kwa sababu kuzuia faini ambayo haijaanza ni rahisi kuliko kuomba ifutwe ikishaingia kwenye akaunti. Ni kweli kwamba bodi hutangaza msamaha wa faini mara kwa mara, ila kwa kawaida msamaha huo huwa wa anayelipa deni lote kwa mkupuo. Asiye na kazi atautoa wapi mkupuo huo?

Sasa turudi kwenye daftari. Katika saiba za Litein, Sotik na Kapsoit, ambako vijana huenda kujaza fomu za mtandaoni, mhudumu ndiye anayejua zaidi ya wote jinsi maombi yanavyopotea. Ameshaona mteja akituma ombi, akilipia ukurasa mmoja na kuondoka bila kuhifadhi chochote. Ushauri wa wahudumu wa aina hii haubadiliki: dadangu, usiandike tu kwamba uliomba, andika nani alikujibu kwamba amepokea. Ushauri huo ni wa busara kuliko unavyosikika. Mstari ulioandikwa na mwombaji mwenyewe ni madai yake, lakini mstari ambao mtu mwingine ameacha alama ndani yake ni ushahidi. Kwa hiyo safu za daftari ziwe hizi: tarehe, mwajiri, kazi iliyotangazwa na mahali tangazo lilipoonekana, njia ya kutuma, alama ya kupokelewa, na mwisho jibu. Safu ya alama ya kupokelewa ndiyo roho ya daftari. Aliyeomba ualimu kwa TSC mtandaoni anachapisha ukurasa unaoonyesha kwamba ombi limeingia. Aliyeomba ukarani kwa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ya Bomet anahifadhi barua pepe inayokiri kupokea, hata kama imejiandika yenyewe kwenye mashine. Aliyepeleka barua kwa mkono katika kiwanda cha chai cha wakulima au shule ya kibinafsi anabeba nakala mbili, anaacha moja na kuomba muhuri na tarehe kwenye ya pili. Karani akikataa kupiga muhuri, andika siku na dirisha ulilohudumiwa. Mstari huo ni hafifu, lakini ni afadhali kuliko pengo.

Safu ya mwisho ndiyo inayowavunja vijana moyo, kwa sababu mara nyingi hubaki tupu. Wengine huijaza kwa aibu, wakiandika kwamba wamekataliwa ilhali hawajasikia lolote. Hilo ni kosa. Anayesoma daftari akikuta waajiri wote wamejibu ndani ya wiki mbili atashuku, maana kila aliyewahi kusaka kazi Kenya anajua kwamba ukimya ndio jibu la kawaida. Kiache kisanduku wazi, au andika kwamba hadi tarehe fulani hakuna jibu. Kadhalika daftari lililojazwa usiku mmoja hujitangaza: kalamu moja, mwandiko usiochoka, tarehe zilizopangana kila Jumatatu kama ratiba ya shule. Daftari la kweli huwa na vipindi vya ukame na vipindi vya mafuriko, kwa sababu matangazo ya kazi huja hivyo hivyo. TSC ikitangaza nafasi, mistari mingi hujaa kwa juma moja, kisha unapita mwezi mzima bila kitu.

Barua inayoambatana na daftari isizidi ukurasa mmoja. Itaje jina kamili, nambari ya kitambulisho, chuo, mwezi wa kumaliza masomo na kiasi kinachodaiwa kama kinavyoonekana kwenye akaunti ya HELB. Kisha itaje kwa usahihi kinachoombwa, kwa mfano kuahirisha malipo na kutotoza faini kwa miezi sita tangu tarehe fulani, na iahidi siku ya kuleta daftari jipya. Viambatanisho viwili huipa nguvu. Cha kwanza ni ritani ya sufuri kwa KRA, ambayo mwenye PIN asiye na mapato huijaza kabla ya Juni 30. Hiyo ni kauli iliyotolewa kwa idara nyingine ya serikali, na kudanganya ndani yake kuna gharama. Cha pili ni taarifa ya NSSF isiyo na mchango wa mwajiri yeyote. Anayetaka kuongeza cha tatu ajisajili kama msaka kazi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Pia ahakikishe nambari ya simu iliyo kwa HELB ni ile anayoitumia, kwa sababu onyo lililotumwa kwa laini iliyokufa huhesabiwa kwamba limetumwa. Na asiyejibiwa na bodi asidhani kimya ni kibali. Kila mwezi atazame akaunti yake, na akiona shilingi 5,000 zimeongezeka ajue kwamba ombi halijafanya kazi, aandike tena akiambatisha barua ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba maombi ya kazi ni rahisi kughushi, na kwamba kijana mwerevu anaweza kutuma barua 20 kwa alasiri moja bila nia ya kuajiriwa. Anaweza. Lakini tatizo hilo lina dawa inayojulikana. Nchini Marekani, mkopaji wa serikali anayeomba kuendelea kuahirishiwa kwa sababu ya ukosefu wa kazi huthibitisha kwamba katika miezi sita iliyopita alijaribu kwa dhati kupata kazi angalau mara sita, na muda wote wa kuahirishiwa hauzidi miaka mitatu. Mlango huo utafungwa kwa mikopo itakayotolewa kuanzia Julai 2027, na hilo ni jambo la kusikitisha, ila kipimo chenyewe kinafaa kuigwa. Majaribio sita kwa nusu mwaka hayamchoshi mkweli, na ofisa anaweza kupiga simu mbili na kujua ukweli. Sheria yetu haina nambari kama hiyo. Inataja mwaka mmoja, kisha mengine yanabaki mikononi mwa bodi, na mwombaji wa Bomet hajui kama mistari 5 inatosha au 50.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Pesa za HELB huzunguka: anacholipa aliyehitimu ndicho anachokopeshwa anayeingia chuoni, na kila anayeahirishiwa ni kiti kinachotikisika darasani kwa mwingine. Siibezi hoja hii. Lakini faini kwa asiye na kipato haileti pesa hizo, huongeza tu tarakimu kwenye vitabu. Tena jina lake likipelekwa CRB, kazi yenyewe inakuwa ngumu kupata, kwa kuwa waajiri wengi huomba cheti cha HELB na cha CRB pamoja. Tanzania iliona mantiki hii mwaka 2021 ilipoondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo, na huko makato ya mwajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wake, yaani asiye na mshahara hana cha kukatwa.

Swali ambalo sina jibu lake linahusu chai yenyewe. Wahitimu wengi wa Konoin, Bureti na Belgut hawakai bure. Wanachuma majani kwenye shamba la mama, na malipo yanaingia kwa nambari ya mkulima ambayo ni ya mama. Mashamba makubwa yaliyowapa vibarua wazazi wao yameingiza mashine za kuchuma, zile zilizochomwa moto Kericho wakati wa ghasia za Mei 2023. Nafasi chache zilizobaki hupatikana kwa kuambiwa na jirani, si kwa barua, kwa hiyo haziwezi kuingia kwenye daftari lenye safu ya alama ya kupokelewa. Sheria inazungumzia makato ya aliye katika ajira rasmi, na binti wetu wa Konoin hana ajira rasmi. Je, kilo anazochuma kwa jina la mama ni mapato anayopaswa kuyataja kwenye barua yake kwa bodi? Akiyataja, huenda akaambiwa alipe. Akiyaficha na yakagunduliwa, mistari yake yote mingine itatiliwa shaka. Ningemshauri ayataje, pamoja na kilo zake za mwezi, na apendekeze kiasi kidogo anachoweza kutuma kila mwezi kwa HELB. Iwapo bodi itakipokea kiasi hicho na kusimamisha faini, au itakipokea na kuendelea kuitoza, ni jambo ambalo binti huyo hawezi kulijua kabla ya kutuma.