Taa ya LOS Ikiwaka Nyekundu, Ruta Haina Kosa

Ruta za faiba zinazofungwa majumbani Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zina safu ya taa ndogo usoni. Intaneti ikikatika, mbili kati ya hizo ndizo zinazosema tatizo liko upande gani: iliyoandikwa PON na iliyoandikwa LOS. Taa za LAN na WLAN huwaka na kuzima kutwa nzima kwa sababu data inapita, na hiyo ni dalili kwamba kazi inaendelea. Wengi wetu hutazama hizo kwanza, tunaona zinametameta, tunachomoa na kuchomeka, kisha mtu anatafuta pini ya kubonyezea kitundu cha reset.

Pini hiyo iwekwe chini. Kitundu kile hufuta mipangilio aliyoiingiza fundi siku ya kufunga. Kwa baadhi ya kampuni mipangilio hurudi yenyewe kutoka kwenye mtambo wao. Kwa nyingine utakaa bila huduma mpaka fundi aje. Kama kosa lilikuwa kwenye laini, sasa una makosa mawili.

Ili kuelewa taa hizo, fuata safari ya mwanga wenyewe. Kwenye mtambo wa kampuni kuna leza inayotuma mwanga ndani ya uzi wa kioo. Mwanga huo hufika mtaani kwenu, unaingia kwenye kisanduku ambacho mafundi hukiita splita, na humo unagawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Splita haitumii umeme. Inagawa mwanga tu. Kutoka hapo kila nyumba hupata uzi wake mwembamba unaoishia nyuma ya ruta.

LOS huwaka na kuzima kwa rangi nyekundu pale ruta inapokosa mwanga huo, au inapopata mwanga hafifu kiasi cha kushindwa kuusoma. PON ni hatua inayofuata: huwaka kijani bila kuzima pale ruta inapokwisha kupokea mwanga, kujitambulisha kwa mtambo na kukubaliwa. Kwa hiyo LOS ikiwa nyekundu na PON imezima, kubadilisha ruta karibu kila mara ni kupoteza fedha. Ruta inakuambia kwamba haijapokea kitu cha kufanyia kazi.

Chukua nyumba moja ya Sinza. Jioni intaneti ilikatika, na LOS ikawa inawaka nyekundu na kuzima. Mwenye nyumba aliuliza jirani anayetumia kampuni hiyohiyo, akaambiwa kwake iko sawa. Jibu hilo peke yake lilipunguza eneo la kutafuta: mkongo mkubwa ulikuwa mzima na mtambo ulikuwa unafanya kazi, hivyo kosa lilikuwa kati ya splita na ruta yake. Angeambiwa kwamba mtaa mzima umekatika, asingekuwa na la kufanya zaidi ya kupiga simu na kusubiri.

Hatua ya pili ilikuwa kusoma kipimo. Simu ikiwa imeunganishwa na waifai, hata pasipo intaneti, ukurasa wa ruta hufunguka. Kwa ruta nyingi za Huawei anwani yake ni hii:

```
192.168.100.1
```

Jina na nywila mara nyingi ziko kwenye stika chini ya ruta. Ndani yake kuna sehemu ya taarifa za mwanga, na humo kuna nguvu ya mwanga unaopokelewa, iliyoandikwa kwa dBm. Namba hiyo huwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mwanga ulivyo mkali. Ruta ya kawaida hufanya kazi vizuri kati ya -8 na -27. Kila namba inaposhuka kwa 3, mwanga umebaki nusu. Siku ya kufunga, fundi alikuwa ameandika -21 kwenye stika. Jioni ile ukurasa ulionyesha -30. Tofauti ya 9 maana yake nusu ya nusu ya nusu: mwanga uliofika ulikuwa sehemu moja ya nane ya ule wa zamani.

Hapo kipimo kilisema jambo ambalo taa isingeweza kulisema. Uzi uliokatika kabisa hauleti namba ya maana. Mwanga uliodhoofika tu mara nyingi ni uzi uliokunjwa sana au kichwa chenye uchafu. Asubuhi ya siku hiyo stendi ya TV ilikuwa imesukumwa ukutani, na waya wa faiba ulibanwa nyuma yake ukakunjika. Kioo kikikunjwa hivyo hakivunjiki lazima, lakini mwanga huvujia nje penye kona. Stendi ilivutwa, waya ukaachiwa mzunguko mpana, na namba ikarudi -21. LOS ikazima, PON ikawaka na kuzima kidogo, kisha ikatulia.

Tahadhari mbili hapa. Ukichomoa kichwa cha faiba, usikichungulie: mwanga wa leza hiyo hauonekani kwa macho, lakini upo. Na usiguse ncha yake nyeupe, kwa maana mafuta ya kidole yanatosha kuuzuia.

Mambo hubadilika LOS ikiwa imezima na PON inawaka na kuzima haraka bila kutulia. Mwanga unafika, lakini mtambo haujaikubali ruta. Hili huwapata walionunua ruta mtaani au kuazima ya ndugu, kwa sababu mtambo huitambua kila ruta kwa namba yake ya usajili. Ikiwa ruta ni ileile ya siku zote, kuna uwezekano kwamba leza yake ya kurudisha mwanga imechoka, na hapo ndipo ruta inapostahili kushukiwa kweli.

Nayo taa ya POWER ikizima na kurudi, na taa zote zikianza upya kila baada ya dakika chache, tazama adapta kabla ya ruta. Adapta iliyodhoofishwa na umeme unaopanda na kushuka huweza kuwasha taa lakini ikashindwa kubeba kazi. Nyingine iwe na volti zilezile zilizoandikwa kwenye ruta, mara nyingi 12, na ampea zisizopungua.

Kuna pia hali inayowachanganya wengi: PON imetulia kijani, LOS imezima, waifai ipo, ila hakuna kinachofunguka. Laini ya mwanga ni nzima. Kwanza angalia kama kifurushi kimeisha, kisha fungua sehemu ya WAN kwenye ukurasa wa ruta. Ukikuta 0.0.0.0 mahali pa anwani ya IP, ruta haijapewa anwani na kampuni, na wao ndio wa kulishughulikia.

Ukipiga simu huduma kwa wateja, iache ruta ikiwaka. Ruta nyingi, umeme unapoondoka, hutuma ujumbe mfupi wa mwisho kwa mtambo kabla ya kuzima, kwa nguvu kidogo iliyobaki ndani yake. Kwa njia hiyo mhudumu huona kwenye kompyuta yake kama nyumba imekosa umeme au uzi umepoteza mwanga. Ukiichomoa wakati unaongea naye, anaweza kukujibu kwamba kwako hakuna umeme, na fundi wa laini hatatumwa.