Hisa zikizama, utangoja hadi lini?

Mtu akinunua hisa, swali la kwanza huwa: Je, nitapata hasara kiasi gani? Ni wachache wanaouliza swali la pili, ambalo ndilo huvunja nyumba: Hasara hiyo itadumu kwa muda gani?

Wakazi wa Eldoret wana sababu ya kulikumbuka swali hilo. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kati ya Machi na Aprili 2008 kwa Sh5 kila moja. Mji ulikuwa ndio kwanza unatoka kwenye ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mashambani ulikuwa msimu wa kupanda mahindi. Hata hivyo, watu walipanga foleni, wengine wakiwa na pesa za mkopo.

Tuchukue mfano wa mkulima wa viungani mwa mji aliyepata hisa 2,000 kwa Sh10,000. Hisa hizo zilipoanza kuuzwa sokoni Juni 2008, bei ilipita Sh7. Mali yake ikawa Sh14,000. Kufikia mapema mwaka 2009, bei ilikuwa chini ya Sh3, na mali yake haikufika Sh6,000.

Wataalamu wa uwekezaji huchora safari kama hiyo kwa njia rahisi, nawe waweza kuichora kwenye daftari la mtoto. Kila mwisho wa mwezi, andika bei ya hisa. Kando yake andika bei ya juu kabisa iliyowahi kufikiwa tangu uanze. Kisha piga hesabu: bei ya leo iko chini ya kilele hicho kwa asilimia ngapi? Kutoka Sh7 hadi Sh3 ni asilimia 57.

Sasa piga mstari mlalo uwe kama uso wa maji. Siku ambayo bei iko kwenye kilele, tia alama juu ya mstari huo. Siku nyingine zote alama hukaa chini yake, kama mtu aliyezama. Kina cha shimo chaonyesha ukubwa wa hasara. Upana wake, tangu kuzama hadi kuibuka, ndio muda wa kungoja.

Upana wa shimo la mkulima wetu ulikuwa miaka mingapi? Bei ilikuwa karibu Sh5 mwishoni mwa 2012, na ikarudi Sh7 mwaka 2013. Ni takriban miaka mitano chini ya maji.

Mgao wa faida wa kila mwaka ulipunguza machungu kidogo. Mfumko wa bei nao uliyaongeza, kwani mwishoni mwa 2011 ulikaribia asilimia 20. Sh5 za 2012 hazikununua unga uleule wa 2008.

Je, muda huo ulivumilika? Jibu liko kwa mwenye pesa. Mzazi ambaye mwanawe aliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2008 alihitaji karo hadi 2011. Mtoto alifanya mtihani wa mwisho hisa zikiwa bado zimezama, na mzazi asiye na pesa nyingine alilazimika kuuza kwa hasara. Jirani yake aliyejiwekea pesa za uzeeni aliweza kungoja. Mwisho wa 2020 bei ilikuwa zaidi ya Sh30. Shimo ni lilelile, ila mahitaji ya mmoja yalifika kabla hisa hazijaibuka.

Kwa hivyo, kabla ya kununua, andika tarehe utakayohitaji pesa hizo. Tafuta shimo pana kuliko yote katika historia ya hisa unayoitaka, wala usitumie wastani. Ikiwa shimo hilo ni pana kuliko muda ulio nao, hizo si pesa za kuweka hapo. Aliyekopa ana muda mfupi zaidi, maana benki haingoji.

Jihadhari na mtego mmoja. Ukiongeza pesa kila mwezi, jumla ya akaunti huenda ikapanda huku bei ikishuka, nawe utadhani umeibuka. Pima kwa bei ya hisa moja, si kwa jumla ya akaunti.

Na shimo pana lililopita si kikomo. Hisa hizo hizo zilipita Sh40 mwaka 2021, zikashuka chini ya Sh15 mwishoni mwa 2023, na hata mwisho wa 2024 hazikuwa zimefika nusu ya kilele hicho. Kipimo cha kampuni 20 katika Soko la Hisa la Nairobi nacho kilikaribia alama 6,000 mwanzoni mwa 2007. Mwisho wa 2024, karibu miaka 18 baadaye, kilikuwa karibu 2,000.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini karo ya Januari hulipwa Januari.