Neno la Uchaguzi na Kiti Chake

Mkenya anayepiga kura katika uchaguzi mkuu hupewa karatasi sita. Katika chaguzi za 2017 na 2022, nyeupe ilikuwa ya rais, ya buluu ya gavana, ya manjano ya seneta, ya kijani ya mbunge, ya zambarau ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na ya kahawia hafifu ya mwakilishi wadi. Karatasi hizo hutumbukizwa kwa wakati mmoja, katika chumba kimoja, lakini kuanzia hapo kila moja hushika njia yake. Kura ya mwakilishi wadi humalizikia katika eneo bunge. Ya gavana hupanda hadi makao ya kaunti, na ya rais hufika Nairobi.

Hapo ndipo orodha ya maneno iliyopangwa kwa alfabeti inapomwangusha mwanafunzi wa darasa la uraia. Akitafuta “kutangaza matokeo” atapata maelezo ya mstari mmoja, ilhali anayetangaza, mahali anapotangazia na karatasi anayotia sahihi hubadilika kulingana na kiti. Kamusi ndogo ya uchaguzi hufaa zaidi ikipangwa kama jedwali. Viti sita vinashuka upande wa kushoto, na hatua zinapita juu: kujiandikisha, mchujo na uteuzi, kampeni, kupiga kura, kuhesabu, kujumlisha na kutangaza, kesi, kisha kuapishwa. Kila neno lililokusanywa hutafutiwa chumba chake humo.

Kukusanya kwenyewe huanzia masikioni. Wanafunzi hawaletei darasa neno tupu, huleta sentensi nzima kama walivyoisikia redioni, kwenye baraza la chifu, sokoni au katika tangazo la Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Sentensi huandikwa kwenye kadi, kisha darasa huiuliza maswali manne. Ni nani anayefanya tendo hili? Kwa kiti kipi? Katika hatua gani? Na linaacha karatasi gani nyuma yake? Baada ya hapo lifuatalo ni jaribio dogo: toa kiti kilichotajwa, weka kingine, uulize maswali yale yale. Majibu yakibaki vilevile, kadi moja inatosha. Yakibadilika, kadi hiyo igawanywe.

Neno linalogawanyika upesi kuliko yote ni “uteuzi”. Mwanzoni ni kazi ya chama: baada ya kura ya mchujo au makubaliano ya viongozi, chama humteua mwaniaji wake na kumpa cheti. Kisha ni kazi ya IEBC, ambayo hupokea stakabadhi za mwaniaji na kumwidhinisha kugombea. Uchaguzi ukiisha neno linarudi tena, kwa maana vyama hugawiwa viti maalum kutokana na orodha zao. Katika Bunge la Taifa viti hivyo ni 12. Hatimaye rais naye huteua mawaziri, ambao hupigwa msasa na wabunge kabla ya kuanza kazi. Hizo ni kadi nne. Mtu anayesema “ameteuliwa” bila kutaja kiti na hatua bado hajatuambia kama huyo mtu anakwenda kuomba kura au amekwisha kupata kazi.

Neno “mteule” nalo lina mtego wake. “Rais mteule” ni mtu aliyekwisha tangazwa mshindi lakini hajaapishwa. William Ruto aliitwa hivyo kuanzia tarehe 15 Agosti 2022, alipotangazwa, hadi tarehe 13 Septemba alipokula kiapo. Kadi yake basi ina mpaka wa mwanzo na mpaka wa mwisho. Lakini “mbunge mteule” katika vinywa vya wengi ni yule aliyeingia bungeni kupitia orodha ya chama, naye huitwa hivyo hata akiwa katika mwaka wake wa nne. Darasa likubaliane kumwita huyu “mbunge maalum”, jina ambalo magazeti pia hulitumia, na “mteule” libaki kwa anayesubiri kiapo.

Hatua yenye utajiri mkubwa zaidi ni ya kujumlisha na kutangaza, na njia rahisi ya kuieleza ni kuzifuata fomu. Kura zikimaliza kuhesabiwa kituoni, afisa msimamizi wa kituo hujaza fomu kwa kila kiti. Mawakala wa wagombea huombwa kutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni ili wananchi waisome. Fomu hizo zina nambari zinazotambulisha kiti: 34 ni ya rais, 35 ya mbunge, 36 ya mwakilishi wadi, 37 ya gavana, 38 ya seneta na 39 ya mwakilishi wa wanawake. Herufi inayofuata nambari hutaja ngazi. A ni ya kituo, B ni ya eneo bunge. C ni ya ngazi ya juu kabisa: ya kaunti kwa gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake, na ya taifa kwa rais.

Kwa hiyo jedwali la darasa linajijaza lenyewe. Mbunge hutangazwa kwa Fomu 35B na msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge, na msimamizi huyo huyo humtangaza mwakilishi wadi kwa Fomu 36B. Viti hivyo viwili havina C. Gavana anangoja Fomu 37C kutoka kwa msimamizi wa uchaguzi wa kaunti. Rais anangoja Fomu 34C, ambayo hutiwa sahihi na mwenyekiti wa IEBC. Mwanafunzi akishaiona mistari hii haulizi tena kwa nini mbunge wake anasherehekea ilhali nchi nzima bado inangoja jina la rais.

Katika safu hii ya rais, maana ya neno “ya mwisho” iliamuliwa mahakamani. Maina Kiai na wenzake walifungua kesi kuuliza kama takwimu za rais zinazotangazwa katika eneo bunge zinaweza kubadilishwa Nairobi. Tarehe 23 Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema hazibadilishwi: matokeo ya eneo bunge ni ya mwisho kwa eneo bunge hilo. Ndiyo sababu kadi ya Fomu 34C inapaswa kueleza kwamba hiyo ni fomu ya kujumlisha, na kwamba kura zenyewe zilihesabiwa na kuandikwa kituoni kwenye Fomu 34A.

Kadi nyingine inayowakwaza watu inahusu kura ambayo haikufaa. “Kura iliyoharibika” na “kura iliyokataliwa” husikika kama kitu kimoja, ila ziko katika hatua mbili tofauti. Mpiga kura akikosea alama kwa bahati mbaya, humrudishia afisa karatasi kabla ya kuitumbukiza, naye hupewa nyingine. Ile ya kwanza ndiyo iliyoharibika, na haikuingia sandukuni. Kura iliyokataliwa iliingia sandukuni, ikagunduliwa wakati wa kuhesabu kwamba haina muhuri rasmi, au imewekewa alama kwa wagombea wawili, au haionyeshi mpiga kura alimtaka nani. Ya kwanza inakaa katika hatua ya kupiga kura, ya pili katika hatua ya kuhesabu.

Sasa fanya lile jaribio la kubadilisha kiti. Gavana hushinda kwa kuwa na kura nyingi kuliko wengine, basi kura zilizokataliwa hazimgusi. Rais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Kwake yeye, swali la kura zipi zinaingia katika hesabu linaweza kuamua kama kutakuwa na duru ya pili.

Swali hilo lilijitokeza mwaka 2013. Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na kura 6,173,433 kati ya 12,330,028, yaani asilimia 50.07. Hesabu hiyo ilijumuisha kura 108,975 zilizokataliwa, nayo ilimpitisha nusu kwa kura zipatazo 8,400 tu. Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa hazipaswi kuingizwa katika kutafuta asilimia. Ukiziondoa, zinabaki kura halali 12,221,053, na sehemu yake inapanda hadi asilimia 50.51. Mshindi hakubadilika, lakini kadi ya “kura iliyokataliwa” katika mstari wa rais ilipata sentensi ambayo haimo katika mistari mingine mitano.

Hatua ya kesi hugawanyika vivyo hivyo. Kesi ya kupinga uchaguzi wa rais hupelekwa katika Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na majaji wana siku 14 za kuiamua. Kesi za gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa wanawake huenda Mahakama Kuu, na ya mwakilishi wadi husikizwa na hakimu. Hizi za viti vitano hufunguliwa ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa, na huamuliwa ndani ya miezi sita. Ndiyo maana “kesi ya uchaguzi” ikisikika Januari mwaka unaofuata uchaguzi wa Agosti, haiwezi kuwa ya rais aliyetangazwa mwezi huo.

Kasoro moja huingia kupitia mawimbi ya redio. Mwanafunzi anayesikiliza stesheni za Tanzania ataleta “kura za maoni” akimaanisha kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea. Nchini Kenya huo ni mchujo, na “kura ya maoni” hutumika kwa utafiti wa kuuliza watu wanamtaka nani, au kwa kura ya kubadilisha katiba. Tanzania ina jimbo na diwani pale Kenya ilipo na eneo bunge na mwakilishi wadi, na wazee wa Kenya bado husema diwani kwa sababu cheo hicho kilikuwepo hadi 2013. Maneno hayo yasitupwe. Yaandikwe pembeni ya kadi pamoja na jina la nchi au kipindi yanakotoka.

Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao utaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Usiku wa siku kama hiyo simu hujaa ujumbe wa aina hii: “Msimamizi wa uchaguzi wa kaunti yetu amemtangaza rais.” Aliyejaza jedwali kwa mkono wake hahitaji kungoja mtu amwambie kama habari hiyo ni ya kweli. Atakitafuta kiti, ataitafuta hatua, na ataona kwamba katika chumba hicho hakuna msimamizi wa kaunti: kuna mwenyekiti wa IEBC na Fomu 34C.