Faida Ipo, Hela Iko Wapi?

Ni Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mjini Morogoro. Cherehani zimenyamaza, na mafundi wamekaa kwenye benchi wakisubiri ujira wa sare za shule 300 walizoshona mwezi huo. Wanadai shilingi 1,200,000. Mwenye kiwanda, ambaye katika mfano wetu tutamwita Mama Neema, anavuta droo na kukuta haina kitu. Fedha yote iliyoingia imekwenda kwenye majora ya vitambaa, na bado majora ya Desemba hayajatosha. Hata hivyo daftari lake la faida linasema biashara inakwenda vizuri. Na daftari halisemi uongo.

Yaliyomkuta yangeweza kuonekana tangu Septemba, kabla hajanunua hata sindano, kama angeandika makadirio matatu yanayosomeka pamoja: ya faida na hasara, ya mtiririko wa fedha, na mizania. Tuyaandike sasa kwa niaba yake.

Mama Neema anaanza Oktoba na shilingi 6,000,000 zake na mkopo wa 4,000,000. Mashine zinamgharimu 4,800,000, kwa hiyo anabaki na 5,200,000 taslimu. Sare moja anaiuza 25,000. Kitambaa chake ni 12,000 na ujira wa fundi ni 4,000. Anatarajia kuuza sare 200 Oktoba, 300 Novemba na 400 Desemba, wazazi wanapojiandaa kwa mwaka mpya wa masomo.

Tuanze na faida. Sare 900 zinaleta mauzo ya 22,500,000. Toa vitambaa 10,800,000, ujira 3,600,000, pango na umeme 1,200,000, na riba ya mkopo 240,000. Toa pia uchakavu wa mashine: zikidumu miaka minne, kila mwezi zinapungua thamani kwa 100,000, yaani 300,000 kwa miezi mitatu. Inabaki faida ya 6,360,000 kabla ya kodi.

Karatasi hii ina kanuni moja ambayo wengi huipita bila kuiona. Sare inahesabiwa kuwa imeuzwa siku inapokabidhiwa kwa mteja, hata kama hajalipa. Kitambaa nacho kinakuwa gharama siku sare yake inapouzwa, hata kama kilinunuliwa mwezi uliopita. Kwa hiyo inajibu kama kazi inalipa. Kama droo ina kitu, haijui.

Swali la droo linajibiwa na mtiririko wa fedha, unaoangalia tarehe tu: shilingi iliingia lini, ikatoka lini. Hapo tunalazimika kueleza mambo ambayo faida haikutuuliza. Nusu ya sare zinanunuliwa na wazazi kwa taslimu. Nusu nyingine zinachukuliwa na shule kwa mali kauli, nazo hulipa baada ya miezi miwili. Kitambaa kinalipiwa taslimu na hununuliwa mwezi mmoja kabla ya kushonwa, kwa hiyo Oktoba ananunua cha miezi miwili, na Desemba ananunua cha Januari, shilingi 3,000,000. Mkopeshaji anachukua 480,000 kila mwezi: 80,000 ni riba na 400,000 ni kupunguza deni lenyewe.

| Mwezi | Fedha mwanzoni | Zilizoingia | Zilizotoka | Fedha mwishoni |
|---|---|---|---|---|
| Oktoba | 5,200,000 | 2,500,000 | 7,680,000 | 20,000 |
| Novemba | 20,000 | 3,750,000 | 6,880,000 | -3,110,000 |
| Desemba | -3,110,000 | 7,500,000 | 5,480,000 | -1,090,000 |

Droo haiwezi kuwa na fedha pungufu ya sifuri. Namba hasi inamwambia kiasi cha kutafuta na mwezi wa kukitafuta: 3,110,000, Novemba.

Sasa tuna faida ya milioni sita na ushei, na upungufu wa zaidi ya milioni moja. Mizania ndiyo inayoonyesha tofauti hiyo imejificha wapi. Ni picha ya siku moja, 31 Desemba: upande mmoja mali, upande wa pili wenye haki juu ya mali hiyo. Mashine sasa zina thamani ya 4,500,000. Kitambaa cha Januari kilichopo stoo ni 3,000,000. Shule zinadaiwa 8,750,000, yaani nusu ya mauzo ya Novemba na nusu ya mauzo ya Desemba. Ukiondoa upungufu wa 1,090,000, jumla ni 15,160,000. Upande wa pili kuna mkopo uliobaki, 2,800,000, mtaji wake 6,000,000 na faida 6,360,000. Jumla ni ileile, 15,160,000.

Ona karatasi zilivyofungamana. Faida imehamia kwenye mtaji, na fedha ya mwisho wa Desemba imehamia upande wa mali. Kila kilichotenganisha faida na fedha kina makazi yake hapo: mauzo yasiyolipwa yako kwa wadaiwa, kitambaa kilicholipiwa lakini hakijatumika kiko stoo, uchakavu umepunguza mashine bila kugusa droo, na marejesho yamepunguza mkopo bila kugusa faida.

Ufungamano huo pia hufichua makosa. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kuandika 480,000 yote ya mkopeshaji kama gharama. Faida itapungua isivyostahili, na pande mbili za mizania zitaachana kwa 1,200,000, ambayo ni miezi mitatu ya 400,000. Ukisahau kushusha thamani ya mashine, zitaachana kwa 300,000. Tofauti yenyewe hukuelekeza kwenye kosa, ndiyo maana anayebadilisha namba ya fedha taslimu kwa nguvu ili pande zilingane anajinyima kipimo kizuri kuliko vyote alivyonacho.

Karatasi zikishalingana, unaweza kuzitumia kutafuta njia. Tuseme mwenye duka la vitambaa anakubali kulipwa baada ya mwezi mmoja. Faida haibadiliki hata senti. Lakini fedha ya mwisho wa Oktoba inakuwa 6,020,000, ya Novemba 1,690,000 na ya Desemba 1,910,000. Mizania inakua hadi 18,160,000, kwa kuwa sasa kuna deni jipya la 3,000,000 kwa mwenye duka. Ahueni imetoka mfukoni mwake, na Januari atakuja kuidai.

Mizania kulingana, hata hivyo, hakuthibitishi kwamba makisio ni ya kweli. Shule zikichelewesha malipo ya Oktoba kwa mwezi mmoja, 2,500,000 hazitaingia Desemba, na droo itapungukiwa 590,000 hata kwa msaada wa duka. Tena hatujatoa chakula wala ada ya watoto wa Mama Neema. Fedha anayojichukulia haiingii kwenye gharama, kwa hiyo faida haitaionyesha. Inapunguza droo na mtaji kwa pamoja. Akichukua 300,000 kila mwezi, ile 1,910,000 ya Desemba inabaki 1,010,000. Nasihi kila mwenye biashara auandike mstari huo, kwa sababu familia itakula iwe umeandikwa au haukuandikwa.

Kwa hiyo safari ya kwenda kwa mwenye duka ni ya Septemba, karatasi zikiwa mkononi, kabla ya jora la kwanza kukatwa. Akikubali, Jumamosi ile ya mwisho ya Novemba mafundi wanalipwa 1,200,000 yao, Mama Neema anachukua 300,000 za nyumbani kwa mwezi wa pili, na droo inafungwa ikiwa na 1,090,000.