Vyeti Vinapopungua: Namna ya Kumwandikia Aliyepita Mchujo

Mtu ameomba kazi, sifa zake zinatosha, jina lake limepita mchujo wa awali, lakini bahasha yake ina upungufu. Mwajiri anayeona upungufu huo ana njia mbili: kumweka kando au kumwandikia. Katika ajira za serikali ya Tanzania njia ya kwanza ndiyo ya kawaida. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaonya waombaji mapema kwamba slipu za matokeo hazikubaliki badala ya vyeti. Ukali huo una historia. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hospitali binafsi, shule na mashirika yana uhuru zaidi wa kumwandikia mwombaji na kumpa muda, na kwa maoni yangu wanapaswa kuutumia. Mara nyingi cheti kinachokosekana kipo, ila kiko mahali pengine.

Tuchukue hospitali binafsi inayotafuta muuguzi wa wodi ya wazazi. Mwombaji mmoja ana stashahada nzuri na uzoefu wa kutosha. Afisa rasilimali watu anapofungua viambatisho vyake anakuta mambo matatu. Cha kidato cha nne ni slipu, si cheti. Kuna cheti cha usajili cha Baraza la Uuguzi na Ukunga, lakini leseni haipo. Na jina la kati kwenye stashahada halifanani na lile la cheti cha kuzaliwa.

Afisa mwenye haraka ataandika: “Tafadhali tuma vyeti vilivyobaki mapema iwezekanavyo.” Mwombaji atasoma, atafungua simu yake, atatuma tena vilevile alivyotuma mwanzo, kwa sababu kwa macho yake hakuna kilichobaki. Slipu anaihesabu kuwa cheti. Usajili anauhesabu kuwa leseni. Tofauti ya jina haijui, maana amelibeba jina hilo tangu chuoni bila mtu kumuuliza. Siku nne zitapotea, na kila upande utadhani mwenzake hayuko makini.

Ujumbe unaofanya kazi unasema kilichopokelewa, kilichokosekana, na kwa nini kile kilichotumwa hakitoshi. Kwa mwombaji huyu ningeandika hivi:

“Yah: Maombi ya kazi ya Muuguzi, Wodi ya Wazazi

Ndugu (jina kamili la mwombaji),

Umepita mchujo wa awali. Tumepokea barua yako ya maombi, wasifu wako, stashahada ya uuguzi na ukunga, cheti cha usajili na cheti cha kuzaliwa. Ili tukuite kwenye usaili, tunaomba hati hizi tatu:

1. Cheti cha kidato cha nne kilichotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Ulichotuma ni slipu ya matokeo.
2. Leseni ya uuguzi na ukunga ambayo muda wake haujaisha. Ulichotuma ni cheti cha usajili. Tunahitaji vyote viwili.
3. Hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina, inayoeleza tofauti ya jina la kati kati ya stashahada na cheti cha kuzaliwa.

Nakala ya cheti cha kidato cha nne ithibitishwe na wakili. Kila hati iwe kwenye faili lake la PDF, na utume kwa kujibu barua pepe hii. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa, tarehe 15 Mei 2026, saa 10:00 jioni. Zikikosekana hadi muda huo, hatutaweza kukuita kwenye usaili wa Jumatano, tarehe 20 Mei.

Kama cheti chako kiko shuleni au kimepotea, tujulishe kabla ya Jumatatu tarehe 11 Mei kuisha, ukiambatisha uthibitisho kwamba umeanza kukifuatilia. Hatutozi malipo yoyote. Vyeti halisi utakuja navyo siku ya usaili.”

Ujumbe huo umeandikwa Jumatatu, tarehe 4 Mei, hivyo mwombaji ana siku tisa za kazi. Sikuzichagua kwa ukarimu tu. Baraza la Mitihani hupeleka vyeti kwenye shule ambako mtahiniwa alifanyia mtihani, na wapo wengi ambao hawakurudi kuvichukua. Muuguzi anayefanya kazi Mbeya na aliyesoma Kagera anahitaji ruhusa kazini, nauli, safari ndefu ya basi kwenda na kurudi, na mkuu wa shule awepo ofisini. Ukimpa siku tatu utakuwa umempima kwa umbali wa makazi yake. Hati ya kiapo, kwa upande wake, inaweza kupatikana kwa wakili siku hiyohiyo. Kwa hiyo muda wa mwisho hupangwa kwa kuangalia hati inayochelewa kuliko zote. Cheti kikiwa kimepotea kabisa, huanza na taarifa polisi, na hata siku tisa hazitoshi. Ndiyo maana ujumbe unaacha mlango wa uthibitisho. Mwombaji akituma taarifa hiyo ya polisi, mwajiri anaweza kumfanyia usaili na kushikilia barua ya ajira mpaka cheti kipatikane. Kwa leseni nisingelegeza hivyo, kwa kuwa bila leseni hai muuguzi haruhusiwi kumhudumia mgonjwa.

Tarehe yenyewe iandikwe kwa siku, tarehe, mwezi na saa. “Kabla ya Ijumaa” wengine watasoma kuwa Alhamisi ndiyo mwisho, wengine wataona Ijumaa jioni bado ni salama. Saa ina mtego zaidi. Aliyezoea saa za kompyuta akiandika “saa 4” akimaanisha alasiri, mwombaji ataelewa asubuhi, au atakaa hadi saa nne usiku. Neno “jioni” baada ya saa 10:00 linamaliza ubishi. Na kabla ya kutuma ni vyema kuangalia kalenda: Idi hutegemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo muda wa mwisho usiwekwe kwenye siku inayoweza kugeuka sikukuu na kukuta ofisi za mawakili zimefungwa.

Hoja ya malipo haimo kwa adabu tu. Matapeli hutuma jumbe zinazofanana na hizi, wakitaja usaili na vyeti, kisha wakidai “ada ya kuhakiki” kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mwombaji anaweza kuutambua ujumbe wa kweli kwa kuwa unataja vitu ambavyo mwajiri pekee angevijua: nafasi aliyoomba, hati alizokwisha kutuma, na dosari mahususi ndani yake. Tapeli hajui kwamba ulituma slipu. Ukiwa na shaka, piga namba iliyokuwa kwenye tangazo la kazi, usipige iliyo kwenye ujumbe.

Mwajiri naye asiombe zaidi ya anachohitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na zisizidi lengo hilo. Taarifa za benki za mwombaji, kwa mfano, hazina kazi kabla ya usaili, zitaombwa akishaajiriwa.

Siku mbili tatu kabla ya muda kwisha, ujumbe mfupi wa simu hukumbusha vizuri, kwa sababu barua pepe hukaa bila kufunguliwa pale ambapo bando limeisha. Wote waliopungukiwa wakumbushwe siku moja na wapewe mwisho mmoja. Na kila kinachowasili kijibiwe kwa kutaja kilichopokelewa: “Tumepata leseni na hati ya kiapo, tunasubiri cheti cha kidato cha nne.” Hapo mwombaji aliye njiani kwenda shuleni kwake anajua amebakiza kitu kimoja.