Chumvi Isiyopimika kwa Mizani

Ukidondosha nitrati ya fedha kwenye maji yenye chumvi ya mezani, hapohapo maji huwa meupe kama yamemiminiwa maziwa. Weupe huo ni kloridi ya fedha, na wanafunzi wengi wa sekondari hufundishwa kuihusu sentensi moja tu: haiyeyuki majini. Kwa mtihani inatosha. Ukweli ni kwamba inayeyuka, ila kwa kiasi kidogo mno. Lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 25 hupokea takribani miligramu 2 tu za chumvi hiyo, kisha inayobaki hutulia chini kama mashapo.

Wanakemia hawakitaji kiasi hicho kwa miligramu. Hutumia zao la uyeyukaji, yaani wingi wa ioni za fedha zilizomo kwenye maji ukizidishwa kwa wingi wa ioni za kloridi, maji yakiwa yameshiba chumvi hiyo. Faida yake ni kwamba zao hilo halibadiliki joto lisipobadilika. Ukiongeza kloridi kutoka kwingine, ioni za fedha hupungua mpaka hesabu irudi palepale. Kwa kloridi ya fedha, vitabu huandika 1.8 × 10⁻¹⁰.

Tarakimu hiyo ilipatikanaje? Kukausha lita ya maji na kupima miligramu 2 kwa mizani kunawezekana, lakini uchafu kidogo wa chombo unatosha kuharibu kazi yote. Njia nyingine ilifunguka mwaka 1889, pale Walther Nernst, Mjerumani aliyekuwa Leipzig, alipoonyesha jinsi volti ya seli inavyofungamana na wingi wa ioni zilizo ndani yake. Hesabu yake inatuambia hivi: chovya nyaya mbili za fedha kwenye vimiminika viwili vyenye ioni za fedha kwa viwango tofauti, na kwa nyuzi 25 kila tofauti ya mara 10 itatoa milivolti 59.16. Tofauti ya mara 100 hutoa maradufu ya hizo, na ya mara 1,000 hutoa mara tatu yake. Kwa hiyo kiwango kikishuka hadi pasipoonekana, volti haififii. Inapanda.

Seli yenyewe ni rahisi kuunda. Bika ya kwanza hutiwa nitrati ya fedha ya moli 0.1 kwa lita. Ya pili hutiwa kloridi ya potasiamu ya moli 0.1, kisha hudondoshewa matone machache ya nitrati ya fedha mpaka yatokee mawingu meupe. Matone yawe machache kweli, maana yakizidi yatakula kloridi tunayoitegemea katika hesabu. Kila bika huwekwa waya wa fedha uliosuguliwa kwa msasa laini na kusuuzwa vizuri. Bika mbili huunganishwa kwa daraja la chumvi, ambalo linaweza kuwa ukanda tu wa karatasi ya chujio uliolowa nitrati ya potasiamu. Mita ya digitali inafaa kwa kusoma volti, kwa sababu hainyonyi mkondo wa kutosha kuvuruga seli.

Daraja ndilo huponza wengi. Maabara nyingi zina daraja la kloridi ya potasiamu tayari, na mtu mwenye haraka hulichukua hilohilo. Kloridi inayovuja kutoka humo hukutana na nitrati ya fedha, ncha ya daraja ikavaa utando mweupe, mita ikaanza kuyumba. Ukiona weupe kwenye ncha ya daraja upande wa nitrati, tupa kipimo hicho uanze upya.

Tuseme kazi imekwenda safi na mita imetulia kwenye milivolti 444, waya ulio kwenye nitrati ukiwa upande chanya. Gawanya 444 kwa 59.16, utapata 7.505. Maana yake upande mmoja una ioni za fedha mara 10⁷·⁵ kuliko mwingine, yaani takribani mara milioni 32. Upande tajiri una moli 0.1 kwa lita. Igawe kwa milioni 32, unabaki na 3.1 × 10⁻⁹ upande wa pili. Zidisha kwa kloridi iliyopo humo, 0.1, na zao ni 3.1 × 10⁻¹⁰.

Lakini vitabu vinasema 1.8. Tumezidisha karibu maradufu, na kosa si la mita. Ioni zikisongamana huvutana, kila moja ikizungukwa na zenye chaji kinyume, na nguvu yake ya kutenda hupungua. Seli husoma nguvu hiyo ya kutenda, haisomi idadi iliyopimwa wakati wa kuandaa kimiminika. Nitrati ya fedha ya 0.1 hutenda kana kwamba ni 0.073, na kloridi ya potasiamu ya 0.1 kana kwamba ni 0.077. Rudia hesabu kwa tarakimu hizo: 0.073 kwa milioni 32 ni 2.3 × 10⁻⁹, nayo ikizidishwa kwa 0.077 inatoa 1.8 × 10⁻¹⁰. Kipeuo chake cha pili ni moli 0.000013 kwa lita, ambazo ndizo zile miligramu 2 za mwanzo.

Mtu anaweza kuuliza waya unawezaje kuhisi ioni chache kiasi hicho. Kwa kweli ukichukua maji matupu na kuyatia nitrati ya fedha ya kiwango hichohicho bila mashapo, mita itatangatanga tu. Uthabiti unatoka kwenye yale mashapo meupe. Ni kama duka dogo lenye ghala nyuma: ioni ikiondoka, nyingine inatolewa. Aidha waya hugusana na ioni huru pekee. Katika kloridi ya 0.1, fedha nyingi iliyoyeyuka imeshikwa na kloridi mbilimbili, mamia ya mara kuliko iliyo huru. Anayepima fedha yote iliyomo majini angepata jibu la mbali kabisa.

Majaribio mawili hutosha kukutuliza moyo. Kwanza tia nitrati ileile kwenye bika zote mbili. Mita isome sifuri. Isiposoma sifuri, nyaya hazifanani, rudi kwenye msasa. Pili punguza kloridi hadi moli 0.01, usomaji ushuke kwa takribani milivolti 55. Usisahau kwamba kosa la milivolti 1 tu hugeuza zao kwa asilimia 4, na mahali daraja linapogusana na vimiminika panaweza kuongeza milivolti chache za bure. Nitrati ya potasiamu hupunguza tatizo hilo kwa kuwa ioni zake mbili hutembea kwa kasi zinazokaribiana. Haliondoki lote.

Seli hiyohiyo, kloridi ikibadilishwa kwa bromidi ya 0.1, hutoa karibu milivolti 590, na kwa iodidi karibu 820. Kwa salfeti ya bari haifai, kwa sababu waya wa bari ukitiwa majini huanza kula maji na kutoa haidrojeni badala ya kutulia. Huko hupimwa jinsi maji yaliyoshiba chumvi hiyo yanavyopitisha umeme, na hesabu huanzia hapo.