Wastani, alama ya juu na idadi ya waliofaulu: hesabu za darasa kwenye lahajedwali

Darasa la kidato cha nne lenye wanafunzi 45 na masomo tisa lina alama 405. Kila somo linadaiwa mambo matatu: wastani wa darasa, alama ya juu kabisa na idadi ya waliofaulu. Kwa kikokotoo hizo ni hesabu 27, na alama ya mwanafunzi mmoja ikisahihishwa, tatu kati ya hizo hurudiwa. Kwenye lahajedwali huandikwa fomula tatu tu, kisha hunakiliwa kwenda kulia.

Kinachotangulia ni mpangilio. Mstari wa 1 hubeba vichwa, majina hukaa kwenye safu B kuanzia B2 hadi B46, na masomo hujaza safu C hadi K, kila somo safu yake. Mstari wa 47 huachwa wazi ili matokeo yasigusane na alama. Alama ya kufaulu nayo hupewa seli yake, tuseme N1. Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania daraja la D huanzia 30, basi N1 huandikwa 30. Fomula za somo la kwanza huingia C48, C49 na C50:

```
=AVERAGE(C2:C46)
=MAX(C2:C46)
=COUNTIF(C2:C46,">="&$N$1)
```

Baada ya hapo seli C48 hadi K50 huchaguliwa kwa pamoja na kubonyezwa Ctrl+R. Programu hunakili fomula kulia na kubadilisha herufi yenyewe: kwenye safu D fomula husoma D2:D46, na kwenye K husoma K2:K46. Alama za dola ndizo huizuia N1 isihame. Zikisahaulika, safu D itatafuta alama ya kufaulu kwenye O1, ambako hakuna kitu, na idadi ya waliofaulu itaharibika kuanzia somo la pili. Shule ikiamua mtihani wa ndani ufaulu uwe 45, hubadilishwa seli moja tu na masomo yote tisa hujihesabu upya.

Mpaka hapo kazi ni nyepesi. Ugumu uko kwenye kile kilichoandikwa ndani ya seli. Tuchukue wanafunzi watano wa Hisabati: wanne wamepata 62, 28, 30 na 40, na mmoja hakufanya mtihani. Asiyekuwepo akiandikiwa ABS, au seli yake ikiachwa tupu, AVERAGE humruka: 160 kwa 4, wastani 40. Akiandikiwa 0, huhesabiwa kama aliyefanya na kukosa yote, na wastani hushuka hadi 32. Sifuri ni alama, kutokuwepo si alama.

Kosa baya zaidi halionekani kwa macho. Seli ikiwa imewekwa muundo wa maandishi kabla ya kuandikwa, 62 iliyomo si namba tena kwa programu, ni maandishi tu. Wastani wa wanafunzi walewale huwa 32.67, alama ya juu huwa 40, na waliofaulu hupungua kutoka watatu hadi wawili, wala hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Vivyo hivyo kwa 6O iliyoandikwa kwa herufi O. Dalili mojawapo ni kwamba alama hiyo huegemea kushoto mwa seli ilhali namba huegemea kulia, lakini dalili hiyo hupotea mtu akishaweka safu nzima katikati. Kipimo cha kuaminika zaidi ni mistari miwili ya ukaguzi, C51 na C52, inayonakiliwa kulia kama mingine:

```
=COUNT(C2:C46)
=COUNTIF(C2:C46,"ABS")
```

COUNT huhesabu namba peke yake. Jumla ya mistari hiyo miwili lazima iwe 45 katika kila somo. Ikiwa 44, kuna seli tupu au alama iliyogeuka maandishi. C51 ndiyo pia ya kugawia asilimia ya ufaulu, yaani =C50/C51, kwa kuwa kugawa kwa 45 huwahesabu wasiokuwepo kama waliofeli.

Desimali nazo huleta ubishi ofisini. Jaribio likichukua asilimia 30 na mtihani asilimia 70, mwanafunzi mwenye 34 na 28 hupata 29.8. Seli iliyopangwa isionyeshe desimali huandika 30, mwalimu anaona amefaulu, lakini COUNTIF inasoma 29.8 na kumwacha nje. Kama kanuni ya shule ni kukadiria hadi namba kamili, ukadiriaji hufanywa ndani ya fomula ya alama yenyewe, hapa jaribio likiwa P2 na mtihani Q2:

```
=ROUND(P2*0.3+Q2*0.7,0)
```

Hapo kinachoonekana na kinachohesabiwa huwa kimoja, na mwanafunzi huyo huingia kwenye idadi ya C50.